Ubao wa Kutulo

Jumatano, 15 Novemba 2023

Tangu jana asubuhi wamefika watu watano wa kuhara maji, wote watu wazima, na wawili wamekaukiwa hadi macho yamedidimia. Muuguzi H. ndiye aliyenipigia simu jana jioni. "Daktari, huku si kuhara kwa kawaida." (Mimi si daktari, kazi yangu ni kufuatilia magonjwa. Lakini hapa kila mtu wa afya ni daktari, na nimeshaacha kusahihisha.) Kipimo cha haraka kimeonyesha mstari wa pili kwa wagonjwa wawili kati ya watatu tuliowapima. Hiyo ni kengele tu. Kipindupindu huthibitishwa maabara, kwa kuotesha vijidudu vyenyewe, na maabara iko mbali, na barabara imeliwa na maji.

Mvua za Deyr zimetunyeshea tangu mwanzo wa mwezi bila huruma. Vyoo vya shimo vya upande wa chini vimefurika, na lambo ambalo watu waliliombea dua miaka yote ya ukame sasa limejaa, pamoja na kila kilichosombwa na mvua.

Tumekutana chini ya mti nje ya zahanati: H., A. wa afya ya umma, S. dereva, M., kijana wa maji kutoka shirika moja, Mama F., kiongozi wa wakuzaji wa afya ya jamii, na chifu. Mtu mmoja akasema, "Timu ya maji itaangalia mambo ya lambo." Nikauliza timu ya maji ni nani. M. akamtazama A., A. akamtazama chifu. Hapo ndipo nilipotoa manila na kalamu nene.

Nimechora safu nne. Ya kwanza ni kazi yenyewe, ianze na kitenzi. Ya pili ni jina la mtu, mmoja tu. Wasaidizi wanaweza kuwa kumi, lakini wa kuulizwa ni mmoja. Ya tatu ni saa ya mwisho. Ya nne ndiyo iliyozua maneno, nimeiita "Tutajuaje?" Chifu akasema, "Mtu akisema amefanya, si amefanya?" Nikamwambia kwa watu waaminifu kama hawa ndiyo, lakini mtu mwaminifu aliyechoka husema "nimefanya" akiwa amefika nusu ya njia. Akacheka, akakubali.

Kando ya ubao nimeanzisha daftari la matukio. Humo haziingii kazi, ni saa na kilichojulikana saa hiyo tu: "Saa 2:40 asubuhi, mgonjwa wa tano, anatoka upande wa lambo." Hakuna kufuta. Taarifa ikigeuka baadaye, unaandika mstari mpya chini. Watu huona ni kazi mbili za kufanana, lakini ubao unasema nini kifanyike na daftari linasema nini kilitokea. Ukivichanganya, mwisho wa safari hujui ni lini ulijua nini.

Alhamisi, 16 Novemba

Asubuhi nzima imekwenda kwa swali la nani msimamizi. Kutulo iko mpakani mwa Wajir na Mandera, na mpaka wenyewe una ubishi wa miaka. Kijidudu hakijui mpaka, lakini takwimu zinaujua. Mgonjwa wa boma hili anaripotiwa kaunti hii, wa boma lile kaunti ile, na tukigawana orodha, kila kaunti itaona wagonjwa wawili watatu na kulala usingizi.

Nilisoma zamani kwamba huu utaratibu wa tukio moja kuwa na msimamizi mmoja ulizaliwa baada ya moto wa misitu wa California mwaka 1970. Vikosi vya wilaya mbalimbali vilifika vyote, kila kimoja na vyeo vyake na redio zake, visielewane. Hapa redio zinaelewana. Kisichoelewana ni barua.

Tulivyoafikiana: msimamizi wa tukio ni A., kwa sababu ndiye aliyepo mjini kila siku, wala si kwa cheo. Orodha ya wagonjwa ni moja, ina safu ya kaunti. Ripoti inakwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja, maneno yaleyale. Kazi hiyo ni yangu, kila siku kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ushahidi wake ni jibu la "imepokelewa" kutoka pande zote mbili. Leo upande mmoja ulijibu, wa pili kimya hadi nilipopiga simu saa mbili usiku. Kwenye ubao kazi ilibaki wazi mpaka hiyo saa mbili. A. alisema ninajitesa mwenyewe. Sawa, lakini ubao ukinihurumia mimi, kesho utamhurumia kila mtu.

S. ameondoka asubuhi na sampuli, msafara wa askari ukiwa mbele. Tangu basi lile liliposhambuliwa eneo hili tarehe 6 Desemba 2019 na abiria kuuawa, askari miongoni mwao, yeye haguswi na maneno ya haraka. Msafara ukichelewa, naye anachelewa.

Ijumaa, 17 Novemba

Maji. Leo nimejifunza mengi kutoka kwa M., ambaye ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

Boza linabeba lita 10,000. Poda ya klorini tuliyo nayo ina nguvu ya asilimia 65. Kwa hesabu ya vitabuni, ukitaka miligramu 2 za klorini kwa kila lita, unahitaji gramu 20 za klorini halisi, yaani kama gramu 31 za poda. Lakini maji ya lambo baada ya mafuriko ni chai ya maziwa. Tope na uchafu huila klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Kwa hiyo M. ametangulia na shabu, akaacha tope litue, kisha akapanga ndoo, kila moja na kipimo chake cha klorini, akangoja nusu saa na kupima kilichobaki kwa vile vidonge vinavyogeuza maji rangi ya waridi. Ndoo ya miligramu 2 haikubaki na kitu. Ya 4 ilibaki na 0.2. Ya 5 ilibaki na 0.6. Tumechukua ya 5, na kwa boza zima ni gramu 77 za poda. Angefuata kitabu tu, boza lingetoka likinuka dawa dakika chache na kufika mtaani maji matupu.

Saa tisa M. akaja kufunga kazi yake: "Boza limetiwa dawa." Nikamwonyesha safu ya nne. Ilikuwa imeandikwa na yeye mwenyewe juzi: klorini isipungue 0.2 kwenye mtungi nyumbani, apime Mama F., si mimi. Mama F. alizunguka nyumba kadhaa kabla ya magharibi. Bombani kwa boza ilikuwa 0.5. Nyumbani, kwenye ile mitungi ya njano ya lita 20, nyingi zilisoma 0.1, na mbili hazikuonyesha rangi kabisa. Mitungi yenyewe ina utando ndani. Boza lilikuwa safi, na kazi ilikuwa bado.

Kwa hiyo haijafungwa. Chini yake imezaliwa nyingine: "Safisha mitungi kabla ya kujaza, pale pale kwenye boza." Mwenye kazi ni Mama F., vifaa ni changarawe, sabuni na vijana wanne wa kutikisa. Ushahidi ni kipimo kilekile, nyumba zilezile, kesho. Maalim ametangaza habari za mitungi baada ya sala ya Ijumaa, na hilo naliandika kwenye daftari, kwa sababu mistari ya watu ilibadilika mchana huohuo.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimepiga simu maabara kuuliza sampuli zetu. "Sampuli gani?"

Kwenye ubao kazi ile ilifungwa tangu juzi asubuhi: "Peleka sampuli maabara. S. Ushahidi: gari limeondoka." S. hakudanganya, gari liliondoka kweli. Mbele ya safari laga lilikuwa limejaa, msafara ukarudi, na kisanduku kikahamishiwa gari jingine lililosemekana litapita kwa njia ya juu. Halikupita. Kisanduku kimelala Tarbaj, dukani, juu ya magunia ya sukari. Bahati ni kwamba kile kimiminika cha kubebea sampuli za kinyesi, Cary-Blair, hakitaki barafu na huvumilia siku kadhaa. Ingekuwa damu, tungeanza upya.

S. aliniambia kwa unyonge, "Walaal, nilifanya nilichoambiwa." Ndivyo ilivyo. Ubovu uko kwenye ile sentensi. "Peleka" ni kazi inayoishia mkononi mwa anayetoa, na sisi tulitaka kazi inayoishia mkononi mwa anayepokea. Nimeiandika upya: "Maabara ipokee sampuli. Ushahidi: picha ya fomu yenye muhuri wao na saa." Kisha nimepita ubao mzima kutafuta nyingine za namna hiyo. Zipo: "Arifu viongozi wa mabuli." "Sambaza pakiti za chumvi na sukari." "Omba hema." Zote zimegeuzwa. Hema sasa inasomeka: "Hema lisimame nyuma ya zahanati, vitanda vinne ndani."

Jumatatu, 20 Novemba

Picha ya muhuri imefika saa nne asubuhi. H. amepiga kigelegele kama cha harusi.

Ubao umeanza kuugua ugonjwa wa kujaa. Kazi ni nyingi hata manila ya pili haitoshi, na jina la A. liko kwenye tisa. Mtu mwenye kazi tisa hana kazi hata moja, ana orodha tu. Tumekubaliana hakuna mtu kushika zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Zilizobaki ziko chini, chini ya mstari, hazina jina kwa makusudi, na kila asubuhi tunapandisha. Kuna waliodhani kuweka kazi bila jina ni kuvunja sheria yetu. Mimi naona afadhali kazi ikae yatima kwa uwazi kuliko ipewe baba wa bandia.

Tumeongeza pia hali ya "imekwama", na haikubaliki peke yake. Anayeandika imekwama lazima aandike ni nani anayeweza kuikwamua na kama ameshaambiwa. Hema lilikuwa limekwama siku mbili likingoja "ofisi". Tulipolazimika kuandika jina, ikagundulika anayeshika ufunguo wa stoo yuko hapa hapa mjini, hajaulizwa.

H. hajalala vizuri tangu wiki jana. Kazi ya "zamu ya usiku" nimeitoa kwake, mbele ya watu, kwa sauti: "H. anaiacha, fulani anaipokea." Na fulani akajibu, "Naipokea." Bila jibu hilo, kazi huwa imeachwa na hakuna aliyeichukua.

Jumanne, 21 Novemba

Mgonjwa mmoja tu leo, mama wa makamo, na anakunywa mwenyewe. Jumla 17. Hakuna aliyefariki, alhamdulillahi. Mitungi leo: nyumba zote isipokuwa moja ziko juu ya 0.2. M. amefunga kazi yake, na safari hii hakuna aliyembishia.

Ijumaa, 24 Novemba

Majibu: hakuna kijidudu cha kipindupindu kilichoota.

Dakika kumi baadaye simu ikaanza. Mkubwa mmoja, sitamtaja hata humu, alisema, "Basi si kipindupindu, fungeni, watu warudi kazini." Hamu yake naielewa. Lakini jibu la kutoota lina maana finyu. Nimefungua kadi: wagonjwa wawili kati ya watatu waliotolewa sampuli walikuwa wameshapewa doksisaiklini asubuhi ile, kabla ya kinyesi kuchukuliwa. Dawa ikitangulia, maabara inaweza ikakosa cha kuotesha. Na hata kama kweli si kipindupindu, watu 17 wamekunywa kitu kutoka lambo lile.

Jioni tumekaa na A. tukauliza kila kazi swali moja: je, wewe ulikuwepo kwa sababu ya kipindupindu, au kwa sababu ya maji machafu? Kazi za kipindupindu chenyewe, kama vile kuandaa orodha ya watu wa kupewa chanjo, tumeziandika "imeachwa" na sababu yake. Hatukuziandika "imefungwa", maana hazikufanyika, na atakayesoma mwakani asidhani zilifanyika. Kazi za maji, mitungi na vyoo zimebaki kama zilivyo. Tumeongeza moja: kila mgonjwa mpya atolewe sampuli kabla ya dawa yoyote. Mwenye kazi ni H.

Jumanne, 5 Desemba

Wawili walikuja wiki iliyopita kwa kuhara kwa wastani. Walitolewa sampuli kwanza, hawakuwa wamekaukiwa, na maabara haikuotesha kitu. Hawaingii kwenye orodha yetu, kwa vile tangu siku ya kwanza tuliamua orodha ni ya aliye na miaka miwili au zaidi, anayehara maji na kukaukiwa. Kuna aliyetaka tuwahesabu "kwa usalama". Ukibadilisha mlango katikati ya safari, hutajua kama watu wamepungua au mlango umepanuka.

Jumanne, 19 Desemba

Leo tumefunga tukio. Ni wiki nne tangu yule mama wa tarehe 21. Kipindi hicho ndicho kinachotumika kwa kipindupindu. Chetu hakikuthibitika, lakini tulikichagua mapema na kukiandika juu ya ubao, ili siku ya kufunga isiamuliwe na uchovu wala na mkubwa wa simu. Uganda walifanya hivyo kwa Ebola: walitangaza mlipuko tarehe 20 Septemba 2022, na hawakusema umekwisha hadi 11 Januari 2023, baada ya kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya.

Kulikuwa na kazi nne wazi, na nusu ya mkutano ilitaka tukio libaki wazi "mpaka vyoo vijengwe". Vyoo vitajengwa lini? Tukio lisilofungwa hugeuka desturi, na simu ya usiku haitamshtua mtu tena. Tumekata hivi: kila kazi iliyo wazi ama inaachwa kwa sababu iliyoandikwa, ama inahamia orodha mpya yenye namba mpya, tarehe mpya na, ikibidi, mwenye mpya. Mbili zimeachwa, mbili zimehama. Manila zimekunjwa.

Jumatano, 20 Desemba

Mkutano wa kupitia yaliyopita. Nimewaomba kwanza tusome daftari la matukio kwa sauti, toka ukurasa wa kwanza, bila maoni. Ilichukua karibu saa nzima, na mara tatu mtu alisema, "Kumbe!" S. alidhani alirudi kutoka safari ya sampuli siku ileile, kumbe ni kesho yake. Kichwa hukunja siku.

Kisha tumepima kwa kile kipimo cha 7-1-7 kilichopendekezwa mwaka 2021: siku 7 za kugundua, siku 1 ya kutoa taarifa, siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo. Mgonjwa wa kwanza alianza kuhara tarehe 9 Novemba. H. aligundua tarehe 14, siku tano, vizuri. Taarifa ilitoka tarehe 15, siku moja, vizuri. Hatua za mwanzo, jibu la maabara likiwemo, zilikamilika tarehe 24. Siku tisa. Tumepitiliza kwa siku mbili, na daftari linaonyesha zilipokwenda: kwenye magunia ya sukari ya Tarbaj. Bila daftari tungesema "changamoto za usafiri" na kuandika pendekezo la kununua gari.

Mapendekezo yalijaza kurasa mbili. "Elimu kwa jamii iendelee." "Ushirikiano uimarishwe." Niliuliza kila moja, itakwisha lini na nani atasema imekwisha. Mengi yalijiondoa yenyewe kwa aibu. M., Mungu ambariki, alijitolea kuchukua mawili. Mkataba wake unaisha tarehe 31. Nikamkatalia, na nadhani aliumia kidogo. Lakini hizi ni kazi za mvua za Gu, na mwenye kazi ni lazima awe mtu atakayekuwa Kutulo Gu ikinyesha. Kwa hiyo M. ameandikwa msaidizi, na tarehe ya mwisho ya karibu zote ni mwisho wa Machi.

Zimebaki tano:

Sampuli. Gari la miraa hutufikia likiwa na haraka na kurudi Wajir tupu. S. akubaliane na dereva wake, kisanduku kifungwe matabaka matatu. Ushahidi: kisanduku kitupu cha majaribio kipigwe muhuri Wajir ndani ya saa 24.

Sampuli kabla ya dawa. Mtu alitaka semina. H. alisema atafunga chupa ya sampuli kwa mpira juu ya kila kopo la doksisaiklini, hulifungui bila kuishika. Semina ikafa hapo hapo.

Poda ya klorini na vidonge vya kupimia vikae Kutulo, si makao makuu. H. tena. Ushahidi: kuhesabu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mbele ya mtu mwingine.

Orodha moja ya wagonjwa kwa kaunti mbili. Yangu. Ushahidi: ukurasa mmoja wenye sahihi mbili.

Vyoo vya upande wa chini. A. Hii ina pesa, na pesa ina kalenda yake isiyojua Gu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, kwa mwaka unaoanza Julai. Kwa hiyo hatukuandika "vyoo vijengwe". Tumeandika: "Vyoo vionekane kwenye makadirio, ushahidi ni namba ya ukurasa." Wakati wa Gu hii vyoo vile havitakuwepo. Tumeliandika hilo pia, na chifu ataweka alama za mafuriko ya Novemba ili asiwepo wa kuchimba upya chini ya mstari ule.

Jumanne, 9 Januari 2024

Jaribio la kwanza la kisanduku: saa 19. S. anatembea kama bwana harusi. Makopo yote ya doksisaiklini yana chupa zake. Nimekwenda bila kuaga nikaangalia.

Sahihi yangu ya kwanza nimeipata. Ya pili "iko mezani".

Jumatatu, 12 Februari

Ya pili bado iko mezani. Nimeandika imekwama, na jina la anayeweza kuikwamua, na leo nimempigia. Anasema neno "orodha moja" linaonekana kama kukubali mpaka. Hilo sikuliwaza. Tumebadilisha: "orodha mbili zenye namba ya pamoja ya mgonjwa." Kwa kazi yangu ni kitu kilekile. Atasaini wiki hii, inshallah.

Jumatatu, 4 Machi

Kuhesabu poda. Idadi imekamilika, ila H. alikuwa na shaka na joto la stoo, kwa sababu poda hii hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto na unyevu. Tulipima kwa maji safi, kipimo cha kutoa miligramu 1, ikasoma 0.6. Kwa hiyo kazi ilikuwa imetimia kwa sheria yake, na kopo lina zaidi kidogo tu ya nusu ya nguvu. Ushahidi umeandikwa upya: kuhesabu na kupima, vyote viwili. Poda yenyewe imehamia chumba cha dawa, kwenye kivuli. Mpaka ije mpya, kipimo cha ndoo kitafanywa upya kila boza.

Alhamisi, 28 Machi

Sahihi ya pili imepatikana. Imefungwa.

A. hana ukurasa bado. Anasema makadirio hayajachapishwa, na tarehe bado ipo.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imeshika. Lambo limepanda, ila halijafika kwenye alama za chifu. Wagonjwa wa kuhara ni wa kawaida, na sampuli mbili zimechukuliwa kabla ya dawa.

A. amepata ukurasa: vyoo vimo, vichache kuliko tulivyoomba. Kazi imefungwa. Ya kujenga ni kazi nyingine, itapata namba yake bajeti ikipita.

S. amehamishiwa El Wak ghafla. Tulikaa na dereva mpya, S. akasema "naiacha", huyu akasema "naipokea", lakini dereva wa miraa yeye alikuwa amepatana na S., si na zahanati. Jaribio la jana: saa 31. Kisanduku kilingoja kituoni hadi mtu ajue ni cha nani. Nimeifungua tena kazi ya kisanduku. Mapatano yaandikwe kwa jina la zahanati, namba ya simu iwe ya zamu. Jaribio jingine ni Alhamisi, gari likirudi kutoka El Wak.